Simu ya dukani inalala na oda zako: jinsi ya kuizuia isiiue apu ya stoki

Leo naomba tukae kidogo kwenye jambo moja tu, lakini tulimalize. Ni kwa yule mwenye simu mbili za biashara: moja unatembea nayo wewe unayejibu wateja mtandaoni, nyingine iko dukani kwa anayekusaidia, na zote mbili zina apu moja ya stoki na oda. Ukiuza kwenye simu yako, simu ya dukani inatakiwa ijue yenyewe. Ndiyo maana ya kusawazisha: kila baada ya muda apu inaingia mtandaoni kimyakimya, inauliza kama kuna jipya, inashusha, na kama kuna oda inapiga mlio.

Tatizo ni kwamba mara nyingi haiulizi. Simu imeizima ili kuokoa betri, na hakuna anayekwambia.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nina duka dogo la nguo za watoto hapa Morogoro, na mauzo mengi yanatoka kwenye stetasi. Jumamosi moja mteja wa Dodoma alilipia gauni jeupe la ubarikio wa mwanaye, saizi ya miaka 12, shilingi 38,000. Lilikuwa limebaki moja. Nilikuwa kwenye daladala, nikaingiza oda kwenye apu saa 4:20 asubuhi, nikamwambia mteja, "Dada, mzigo utapanda basi la saa 8." Nilijua simu ya dukani italia na mdogo wangu atalitoa gauni kwenye henga.

Nafika dukani saa 6 na nusu, henga tupu. Nikauliza, "Gauni jeupe umeliweka wapi?" Akasema, "Dada, nimeliuza saa tano hivi. Kuna mama kaja na mwanaye, limemkaa vizuri." Nikamwambia hilo lilishalipiwa tangu saa nne. Akachukua simu pale kwenye shelfu, akafungua apu, na hapo hapo mbele ya macho yangu ikaanza kulia: oda ya Dodoma, na oda nyingine mbili za jana yake jioni. Zote kwa mpigo.

Nilirudisha hela na makato ya muamala nikabeba mimi. Kilichoniuma zaidi ni meseji yake: "Dada, ubarikio ni kesho, sasa hivi nitalipata wapi?" Sikuwa na jibu.

Hasira ya kwanza niliipeleka kwa mdogo wangu. Ya pili kwa mtandao. Ya tatu kwa waliotengeneza apu. Wote nilikuwa nawaonea. Baada ya wiki ya kuhangaika na daftari na saa ya ukutani nikagundua shida ilikuwa simu yenyewe, tena ilikuwa na tabaka zaidi ya moja. Ukirekebisha moja ukaacha nyingine, unaona hakuna kilichobadilika na unakata tamaa. Kwa hiyo twende kwa mpangilio.

DALILI YA KUIJUA

Angalia kile kilichotokea dukani kwangu. Oda hazikupotea. Zilikuwepo mtandaoni muda wote, na zikamwagika mara tu apu ilipofunguliwa. Hiyo ndiyo alama ya simu inayoilaza apu.

Ingekuwa shida ya mtandao au bando limeisha, ukifungua apu nayo ingezunguka tu bila kuleta kitu. Ingekuwa shida ya apu au akaunti, oda zisingekuja hata ukiwa umeifungua. Lakini ikifungua na kila kitu kikaja kwa mpigo ndani ya sekunde chache, jua mtandao uko sawa, akaunti iko sawa, ila apu haikupewa nafasi ya kuamka.

Hapo kuna mtu ataniuliza: mbona WhatsApp inaingia muda wote kwenye simu hiyo hiyo? Swali zuri, na mimi lilinichanganya sana. Meseji za WhatsApp hazisubiri apu iamke ikaulize. Zinasukumwa kwenye simu kupitia njia maalumu ya Google, na njia hiyo ina ruhusa ya kuigonga simu hata ikiwa imelala. Apu nyingi ndogo za stoki hazifanyi hivyo. Zenyewe ndizo zinazotakiwa kuamka, kwenda kuuliza, na kurudi. Ni tofauti ya mtu anayegongewa mlango na mtu anayetakiwa kuamka mwenyewe akachungulie dirishani. Huyu wa pili akilazwa, hachungulii.

KWA NINI SIMU YA DUKANI NDIYO INAATHIRIKA ZAIDI

Tangu Android 6, iliyotoka 2015, simu zina kitu kinaitwa Doze. Simu ikitimiza mambo matatu, yaani kioo kimezimwa, haiko kwenye chaji, na haisogezwi, baada ya muda inaingia usingizini. Ikiwa usingizini inazuia apu zisitumie mtandao na inaahirisha kazi zake zote za nyuma. Kila baada ya muda inaamka kidogo, apu zote zinafanya kazi zao haraka haraka, kisha inalala tena. Na kadiri inavyokaa bila kuguswa, mapumziko hayo ya kuamka yanazidi kuwa mbalimbali.

Sasa fikiria simu ya dukani. Iko kwenye shelfu. Kioo kimezimwa. Haiko kwenye chaji. Haisogezwi kwa sababu mdogo wangu anahudumia wateja. Yaani inatimiza masharti yote matatu kuliko simu yoyote mjini! Simu yangu mimi inayotembea mfukoni nayo ina usingizi wake mwepesi, ulioletwa na Android 7, lakini mimi naishika kila dakika kumi kujibu wateja, kwa hiyo inaamka. Ndiyo maana kwangu oda zinaonekana kwa wakati na dukani hazionekani, halafu tunaanza kulaumiana.

Kuna la pili. Tangu Android 9 simu inazipanga apu kwa makundi kulingana na unavyozitumia. Ile unayoifungua mara kwa mara inapewa nafasi nyingi za kufanya kazi nyuma. Ile unayoifungua mara moja moja inapewa nafasi chache, na ile uliyoisahau inaweza kusubiri muda mrefu sana. Mdogo wangu alikuwa anaifungua apu ya stoki jioni tu, wakati wa kufunga hesabu. Kwa macho ya simu, hiyo ni apu isiyo na umuhimu.

JARIBIO LA SAA NA DAFTARI

Kabla hujagusa chochote kwenye setingi, pima. Usipopima hutajua nini kimesaidia.

Chukua bidhaa moja ya uongo kwenye apu, mimi niliiita JARIBIO. Weka simu ya dukani mezani, zima kioo, na mwambie kila mtu asiiguse. Kwenye simu yako ingiza oda ya JARIBIO, andika saa kwenye daftari. Simu ya dukani ikilia, andika saa. Isipolia ndani ya saa moja na nusu, ifungue apu, uone kama oda inaingia papo hapo.

Jua pia kiwango cha kawaida. Kwenye Android, kazi ya kujirudia inayosimamiwa na mfumo wenyewe haiwezi kupangwa iende haraka zaidi ya kila dakika 15. Kwa hiyo oda ikichukua dakika 3 au dakika 15, vyote ni vya kawaida, inategemea umeingiza muda gani kabla ya zamu ya kuuliza. Hata dakika 20 isikushtue. Inayoonyesha ugonjwa ni ile ya saa nzima na zaidi.

Matokeo yangu ya siku ya kwanza yalikuwa hivi. Nikiwa nimeichomeka simu kwenye chaji, kioo kimezimwa: oda iliingia baada ya dakika 14. Nikachomoa chaji, nikaiacha kwenye shelfu: saa moja, saa moja na nusu, saa mbili, kimya. Nikafungua apu, ikaingia pale pale.

Jaribio hilo moja lilinionyesha njia. Simu ile ile, laini ile ile, apu ile ile. Kilichobadilika ni chaji tu. Na simu ikiwa kwenye chaji haiingii kwenye ule usingizi wa Doze. Kumbe mkosaji alikuwa kiokoa betri.

Usije ukasema basi nitaiacha kwenye chaji kutwa. Mimi nilifanya hivyo siku mbili, siku ya tatu umeme ukakatika kuanzia asubuhi na nikarudi kule kule. Chaji inasaidia, lakini usiitegemee peke yake.

TABAKA LA KWANZA: RUHUSA YA BETRI YA APU

Hili liko kwenye kila Android, na ndilo la kuanza nalo. Bonyeza na ushikilie alama ya apu ya stoki, gusa alama ya taarifa zake, au pita kwenye Settings, kisha Apps, kisha jina la apu. Tafuta palipoandikwa Battery au App battery usage. Kuanzia Android 12 utakuta chaguo tatu:

Restricted: apu inabanwa, isifanye kazi nyuma.
Optimized: simu inaamua yenyewe. Apu nyingi zinaanzia hapa.
Unrestricted: apu inaachiwa huru.

Weka Unrestricted. Kwenye baadhi ya simu mpya unatakiwa kwanza kugusa maneno Allow background usage ndipo chaguo hizo zifunguke. Kwenye simu za zamani kidogo utakuta Battery optimization. Badilisha orodha ionyeshe apu zote, chagua apu yako, weka Don't optimize.

Ukishaweka hivyo, simu ikilala apu hiyo inabaki na ruhusa ya kutumia mtandao na kufanya zamu zake. Nilirudia jaribio: chaji imechomolewa, shelfu ile ile. Oda ya kwanza dakika 11, ya pili dakika 17. Nikafurahi, nikafunga duka nikaenda nyumbani.

Kesho yake mchana kimya tena.

TABAKA LA PILI: KIFAGIO CHA MTENGENEZAJI WA SIMU

Nilimuuliza mdogo wangu, "Asubuhi umeifanyaje simu?" Akasema, "Sijafanya kitu dada, nimesafisha tu." Kusafisha kwake ni kufungua zile apu za karibuni, zile kadi unazoziona ukipandisha kidole, na kuzifuta zote ili simu iwe nyepesi. Anafanya hivyo kila asubuhi, na wengi wetu tunafanya.

Kwa Android ya kawaida, kufuta kadi hakuui kazi za nyuma. Zamu inayofuata ikifika apu inaamshwa. Lakini watengenezaji wengi wa simu wameongeza kifagio chao juu ya Android, na kwenye simu za namna hiyo kufuta kadi ni sawa na kuizima apu kabisa mpaka mtu aifungue kwa mkono. Ruhusa ya Unrestricted haikizuii kifagio hicho kwa sababu ni vitu viwili tofauti.

Jinsi ya kujua kama simu yako ina kifagio ni rahisi. Fanya jaribio la daftari ukiwa hujafuta kadi. Kisha fanya tena ukiwa umeifuta. La kwanza likipita na la pili likifeli, umeshajua.

Dawa yake ina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ruhusa ya kujiwasha. Fungua Settings, nenda sehemu ya kutafuta juu kabisa, andika Auto-start au Autostart. Xiaomi na Redmi wanaiita Autostart. Kwenye Tecno, Infinix na itel angalia pia ndani ya apu ya Phone Master iliyokuja na simu. Washa kwa apu yako ya stoki. Kwa Samsung njia ni nyingine kidogo: ingia Battery, kisha Background usage limits, uitoe apu yako kwenye Sleeping apps na Deep sleeping apps, uiongeze kwenye Never sleeping apps. Ile Deep sleeping ndiyo ya kuogopa, maana apu iliyomo humo haifanyi kazi nyuma kabisa mpaka uifungue.

Sehemu ya pili ni kufuli. Pandisha kadi za apu za karibuni, shikilia kadi ya apu ya stoki au gusa alama yake juu, utaona kufuli au neno Lock kwenye simu nyingi za aina hii. Ifunge. Sasa hata mtu akisafisha kadi zote, hiyo inabaki.

Na kama umeshusha apu za kusafisha simu au za kuongeza kasi, zile zenye tangazo la kufuta uchafu, ziondoe kwenye simu ya biashara. Kazi yake kubwa ni kuua apu zinazofanya kazi nyuma, na apu yako ya stoki ndiyo mojawapo.

Jambo moja zaidi hapa. Ndani ya taarifa za apu kuna kitufe kinaitwa Force stop. Hicho ni kikali kuliko vyote. Ukikibonyeza, apu haiamki kwa zamu wala kwa kusukumwa meseji hadi mtu aifungue. Hata WhatsApp ukiibonyezea Force stop inanyamaza. Kwa hiyo mtu asikwambie eti bonyeza Force stop kila siku ili apu iwe nyepesi. Kitumie apu ikiganda tu, na ukishakitumia ifungue hapo hapo.

TABAKA LA TATU: KIBANA DATA NA KITUFE KIKUBWA CHA BETRI

Baada ya hapo simu yangu ilikaa vizuri siku nne. Ya tano ikafeli kuanzia saa 9 alasiri. Safari hii nilikuwa na uzoefu, sikupiga kelele. Niliangalia juu ya kioo nikaona alama ya kiokoa betri. Betri ilikuwa imefika asilimia 20 na simu ilijiwasha kuokoa yenyewe.

Hapa inabidi utofautishe. Kiokoa betri cha kawaida cha Android, kile kinachoitwa Battery Saver, kinaziachia apu ulizoziweka Unrestricted. Lakini simu nyingi zina na kile kikali, mara nyingi kina neno Ultra au Super au Extreme kwenye jina, kinachobakiza simu, meseji na apu chache ulizozichagua. Changu kilikuwa hicho kikali. Mdogo wangu alikiwasha zamani, kipindi cha mgao wa umeme, akasahau. Niliingia Battery, nikazima kujiwasha kwa kile kikali, nikabakiza cha kawaida kwenye asilimia 15. Kama unakihitaji hicho kikali, basi hakikisha apu ya stoki imo kwenye zile chache zinazoruhusiwa.

Ukiwa hapo angalia na Data Saver, iko kwenye sehemu ya mtandao. Hii wengi tunaiwasha ili bando lisiishe. Ikiwashwa, apu ambazo hujazifungua hazipati data ya bando hata kama betri imejaa. Huna haja ya kuizima. Ingia ndani yake, tafuta Unrestricted data, iruhusu apu ya stoki peke yake. Jina linafanana na lile la betri ila ni ruhusa nyingine, zinatakiwa zote mbili. Dalili ya hili ni kwamba apu inafanya kazi vizuri ukiwa kwenye waifai lakini inanyamaza ukiwa kwenye bando.

Na kama simu ya dukani kuna wakati inakaa miezi bila mtu kuifungua apu, zima ile Pause app activity if unused iliyoko kwenye taarifa za apu. Ikiachwa, simu inaweza kuilaza apu na kuzifuta ruhusa zake.

KWA WENYE AIFONI

Kwa upande wa aifoni mambo ni machache lakini una uhuru mdogo. Settings, kisha General, kisha Background App Refresh, iwashe kwa apu yako. Hata hivyo aifoni ndiyo inayoamua iiamshe lini kulingana na unavyoitumia, wewe huwezi kuipangia dakika 15. Low Power Mode ikiwaka, hiyo Background App Refresh inazimwa. Na ukiisukuma apu juu kuifunga kabisa, haitaamshwa kuuliza jipya hadi uifungue. Kwa simu ya kukaa dukani, mimi ningechagua Android.

USIACHIE HURU KILA KITU

Mtu akishajua njia hii anatamani kuweka Unrestricted kwa apu ishirini. Usifanye hivyo. Kiokoa betri kipo kwa sababu, na apu za mitandao ya kijamii zikiachiwa huru zinakula chaji na bando kweli. Kwenye simu ya dukani nimeachia mbili tu: ya stoki na ya kupokea taarifa za malipo. Mapema betri ilikuwa inafika jioni na asilimia 41 hivi, sasa inafika na 36 hivi. Asilimia tano nalipa kwa moyo mweupe kuliko kurudisha 38,000.

Ukiifuta apu ukaiweka upya, au ukibadilisha simu, ruhusa zote zinaanza moja. Na simu ikipata toleo jipya la mfumo, rudia jaribio, maana setingi zinaweza kuhamia sehemu nyingine au kurudi zilivyokuwa. Mimi nafanya jaribio la JARIBIO kila tarehe 1 ya mwezi asubuhi, linachukua muda wa kunywa chai.

MWISHO KABISA: DAKIKA 15 BADO NI DAKIKA 15

Hata ukirekebisha tabaka zote tatu, hujaifanya apu iwe ya papo hapo. Umeirudisha kwenye uwezo wake wa kawaida, yaani robo saa, wakati mwingine zaidi kidogo. Na robo saa inatosha mama na mwanaye kuingia dukani, kujaribisha gauni, kulipa na kuondoka.

Kwa hiyo sasa nimegawa. Bidhaa ambayo ziko tano au zaidi, naiachia apu. Bidhaa iliyobaki moja au mbili, siiamini apu. Mteja akisema nalipia, namjibu, "Nipe dakika mbili dada, nathibitisha dukani." Nampigia mdogo wangu, anatoa nguo kwenye henga, anaiweka kwenye mfuko chini ya kaunta na jina la mteja juu yake. Ndipo natuma namba ya malipo. Apu inakuja kuandika kilichokwisha kufanyika, haibebi ahadi yangu.

Na kama apu unayotumia ina sehemu ya kuwasha oda za papo hapo, au inayoacha arifa moja juu ya kioo muda wote ili isizimwe, iwashe na uiache arifa hiyo ikae. Watu wanaiondoa wakidhani ni uchafu. Kama haina, waandikie wenye apu uwaulize jambo moja: oda zinasukumwa au apu inakwenda kuuliza yenyewe? Jibu lao litakuambia uitegemee kiasi gani.

Yule mteja wa Dodoma alirudi baada ya miezi miwili, akanunua viatu. Vilikuwa vimebaki pea moja. Nilipiga simu dukani kwanza.

Leo jioni ukifunga duka, anza na jaribio la saa na daftari kabla ya setingi yoyote. Chomeka chaji upime, chomoa upime. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo itakwambia uanzie tabaka lipi.